Majina ya Wanafunzi na Majina ya Wanyama katika Ufundishaji wa Mpangilio wa Kialfabeti: Mfano wa Gredi ya Pili

Utangulizi

Zoezi la kupanga maneno kialfabeti huonekana jepesi: mtoto wa miaka saba hupewa orodha ya maneno, naye huyapanga kuanzia a hadi z. Katika vitabu vya Kiingereza, orodha hiyo mara nyingi ni ya wanyama, na kila mnyama huanza na herufi yake. Mtoto hutazama herufi ya kwanza tu, akafaulu. Orodha ya namna hiyo inapohamishiwa katika Kiswahili hukwama, kwa kuwa majina ya wanyama katika lugha hii hayakusambaa sawasawa katika alfabeti. Mengi yamerundikana chini ya k, m, n, p, s na t, ilhali herufi kama e, i na o hazina mengi ya kutolea mfano, na q na x hazimo kabisa katika maneno ya Kiswahili.

Makala haya yanashikilia kwamba mrundikano huo ni wa manufaa. Unamlazimu mtoto kutazama herufi ya pili na ya tatu mapema, jambo ambalo ndilo kiini cha kutumia kamusi. Vilevile, maneno yakiteuliwa kwa uangalifu, kosa la mtoto humwonyesha mwalimu kanuni ambayo mtoto anaifuata kichwani.

Kwa nini majina ya wanafunzi yatangulie

Mtoto huyajua majina ya wenzake kabla hajayasoma, na jina huja na mtu anayeweza kusimama mahali pake. Jina linaloandikwa kwenye kadi liwe lile lililo juu ya daftari la mtoto, wala si lile la utani, ili orodha ya darasani ilingane na sajili. Wanafunzi wawili wakiwa na jina moja, jina la pili ndilo litakaloamua. Majina pia huleta herufi zisizo za Kiswahili, kama vile Quinter na Xavier. Kwa hiyo utepe wa herufi uliobandikwa ukutani uwe na herufi zote 26.

Seti ya kwanza iwe na majina machache yenye herufi za mwanzo tofauti, kwa mfano Fatuma, Otieno, Barasa na Auma. Mpangilio sahihi ni Auma, Barasa, Fatuma, Otieno. Mtoto akipanga Auma, Otieno, Barasa, Fatuma, hajakisia. Amefuata chati ya silabi aliyojifunzia kusoma, ambayo huanza na irabu a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto huyu haongezewi mazoezi ya aina ileile. Anaelekezwa kwenye utepe, aonyeshwe kwamba o imo kati ya n na p.

Herufi ya pili: darasa la kando ya Ziwa Viktoria

Tuchukue darasa la upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria lenye wanafunzi wengi wenye majina ya Kijaluo. Mengi ya majina hayo huanza na A kwa wasichana na O kwa wavulana, na baadhi hutaja wakati wa kuzaliwa: Atieno na Otieno ni wa usiku, Akinyi na Okinyi ni wa asubuhi. Mwalimu anayetegemea herufi ya kwanza ataona majina haya kuwa kikwazo. Lakini tuyapange: Achieng, Adhiambo, Akinyi, Anyango, Apiyo, Atieno, Auma, Awuor. Herufi za pili ni c, d, k, n, p, t, u, w, na hakuna inayojirudia. Hii ni seti kamili ya zoezi la herufi ya pili.

Kila mtoto hufunika herufi ya kwanza kwa kidole gumba, kisha hutafuta nafasi ya herufi inayofuata kwenye utepe. Wavulana nao hujipanga kwa njia iyo hiyo: Ochieng, Odhiambo, Okinyi, Onyango, Opiyo, Otieno, Ouma, Owuor. Safu mbili zikisimama zikitazamana, Achieng atakabiliana na Ochieng, na Atieno na Otieno. Palipo na jozi isiyolingana, watoto wenyewe huliona kosa. Wanafunzi ambao majina yao hayamo katika safu hizo wasiachwe watazamaji: hao ndio wa kuingizwa katika safu iliyokwisha kupangwa. Kuingiza jina moja mahali pake hupima umilisi zaidi ya kupanga upya, kwa kuwa mtoto hulazimika kulinganisha jina hilo na la kabla yake na la baada yake.

Wanyama: jozi zinazofichua kanuni ya mtoto

Majina mengi ya wanyama yana sifa moja inayofaa kwa hatua hii: umbo lake halibadiliki katika wingi. Simba mmoja na simba kumi huandikwa vilevile, kwa hiyo nafasi ya neno haihami. Majina kama chura, ambalo wingi wake ni vyura, na kiboko, ambalo wingi wake ni viboko, yabaki katika umoja, jinsi yalivyo kwenye kamusi.

Hapa mnyama achukuliwe kwa maana pana, pamoja na ndege na wadudu. Mwalimu atoe kadi sita: simba, nzi, shomoro, nyoka, kuku, nungunungu. Mpangilio sahihi ni kuku, nungunungu, nyoka, nzi, shomoro, simba.

Makosa mawili hujitokeza, na kila moja lina chanzo chake. Mtoto anayepanga kuku, nzi, nungunungu, nyoka, simba, shomoro kwa mpangilio unaobadilika kila anaporudia, bado anatazama herufi ya kwanza pekee. Mtoto anayepanga kuku, nungunungu, nzi, nyoka, simba, shomoro, na kurudia vivyo hivyo, ana kanuni imara: anazihesabu ny na sh kuwa herufi moja moja zinazofuata n na s. Sikio lake halikukosea, kwani kila jozi huwakilisha sauti moja, na chati ya silabi ilimfunza nya na sha kama vitengo. Aelezwe kwamba tunaposoma tunafuata sauti, bali tunapopanga tunafuata herufi moja baada ya nyingine.

Ng'ombe huhitaji uamuzi wa pekee. Darasani inatosha kusema kwamba ritifaa si herufi, hivyo neno hilo likae baada ya ngiri na kabla ya nguruwe. Mwalimu ahakikishe kwamba uamuzi wake unaafikiana na kamusi ambayo darasa litaitumia.

Hitimisho

Zoezi hili lina mipaka. Kupanga nomino za umoja hakumwandai mtoto kutafuta kitenzi kama wanacheza, ambacho kwenye kamusi hutafutwa chini ya cheza. Hilo ni somo la baadaye. Majina kama Wanjiku na Wanjiru, yanayotofautiana katika herufi ya sita, nayo yasubiri hadi herufi ya tatu izoeleke.

Kwa waandaaji wa mitaala na vitabu, pendekezo ni moja. Orodha yenye neno moja kwa kila herufi isiwe kipimo cha umilisi, maana mtoto huweza kuipanga yote bila kuitazama herufi ya pili hata mara moja. Kipimo kiwe na angalau jozi mbili za aina ya nyoka na nzi, shomoro na simba, na jina moja linaloanza na irabu isiyo a.