Kuandika Habari ya Mtoto Aliyefia Tumboni

Tuchukue mfano. Mwanamke wa Nalasi, mkoani Ruvuma, anarudi nyumbani baada ya mtoto wake kufia tumboni katika mwezi wa nane. Siku ya tatu maziwa yanajaa, matiti yanakuwa mazito na kuuma. Hakuna aliyemwonya. Usiku anachukua simu na kuandika: "maziwa kutoka baada ya mtoto kufa".

Mwandishi anayetaka kumfikia mama huyu huanza na kichwa cha habari. "Malaika Aliyerejea Mbinguni" ni kichwa chenye upole, lakini hakina hata neno moja kati ya yale aliyoyaandika. "Kupoteza ujauzito" nalo humpeleka kwenye makala za mimba zilizoharibika mapema, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika kulinganisha takwimu za nchi, huhesabu kifo cha mtoto tumboni kuanzia wiki ya 28. Kichwa kinachofaa ni hiki: "Mtoto Kufia Tumboni: Maziwa Yakija Baada ya Msiba". Maneno hayo ni wazi, na hayamlaumu mtu. Neno la kitabibu, "kuzaa mtoto mfu", ni kali masikioni mwa mfiwa. Lakini kwa kuwa wapo walioambiwa hivyo hospitalini, litajwe mara moja ndani ya makala, kisha liachwe.

Aya ya kwanza ijibu swali, kabla ya masimulizi. Maziwa huja kwa sababu kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizoyazuia hushuka, mtoto awe hai au asiwe hai. Sidiria inayoshika vizuri na kitambaa cha baridi hupunguza maumivu. Kukamua kidogo tu huleta nafuu. Kukamua mpaka titi liishe huchochea maziwa zaidi. Homa, au titi lenye wekundu na maumivu makali, ni dalili za kwenda kituo cha afya bila kuchelewa.

Ndipo masimulizi yafuate, na hapa pana hatari nyingine. Kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "mwalimu wa Nalasi, mama wa mapacha, aliyejifungua Machi", majirani watamtambua kabla ya kumaliza sentensi. Kila taarifa peke yake haidhuru, zikikutanishwa, humtaja. Acha mkoa, ondoa kazi, mwezi na idadi ya watoto. Makala haitapotea kwa hayo, kwa maana anayetafuta msaada hutafuta tatizo lake, hatafuti mtu.

Ridhaa nayo isiombwe wodini, mama akiwa bado na uchungu na akimtegemea anayemwuliza. Iombwe baadaye, kisha asomewe makala nzima, kichwa kikiwemo, kabla haijachapwa. Akisema sentensi fulani iondolewe, iondolewe bila kumdai sababu.

Jaribio la mwisho ni jepesi: mpe mkunga asiyeijua habari hiyo aisome. Akiweza kukisia ni nani, taarifa bado zimezidi.