Nguzo ya Katikati Haibebi Kilele

Kenchi ya kawaida ya nyumba ndogo ina mbao mbili za mteremko, mbao ndefu ya chini inayolala juu ya kuta, na nguzo moja katikati. Wengi huamini nguzo hiyo ndiyo inayobeba kilele. Tukikokotoa kani kiungo kwa kiungo, tunaona sivyo.

Tuseme kenchi ina upana wa mita 8 na kimo cha mita 3. Kila mbao ya mteremko basi ina urefu wa mita 5. Paa linakandamiza kilele kwa kilonyutoni 9, na dari linaning'inia katikati ya mbao ya chini kwa kilonyutoni 3. Jumla ni 12, na kwa kuwa kenchi ina ulinganifu, kila ukuta unasukuma juu kwa 6.

Kanuni ni moja: kenchi ikitulia, kila kiungo chake pia kimetulia. Kani za kwenda juu zinalingana na za kwenda chini, na za kushoto na za kulia vilevile. Kwa kuwa hayo ni masharti mawili tu, anza penye kani mbili usizozijua. Kileleni zinakutana tatu, kwa hiyo tunaanzia ukutani.

Pale ukutani, ni mbao ya mteremko pekee inayoweza kuizuia ile 6 inayopanda. Sehemu ya wima ya kani yake ni tatu ya tano, kwa hiyo kani nzima ni 10, nayo inabanwa. Sehemu ya mlalo, nne ya tano, ni 8. Inasukuma nje, na mbao ya chini inairudisha kwa kuvutwa kwa 8.

Sasa nenda katikati ya mbao ya chini. Dari linavuta chini kwa 3, na kitu pekee kinachoweza kuvuta juu hapo ni nguzo. Kumbe nguzo inavutwa! Bila dari, ingekuwa na sifuri. Kilele kinathibitisha: mbao mbili zinasukuma juu 6 kila moja, nazo zinalingana na 9 ya paa na 3 ya nguzo. Zisingelingana, tungerudi kutafuta kosa.

Fundi anayeisimamisha nguzo juu ya mbao ya chini na kuishika kwa misumari miwili ya pembeni ameifunga kana kwamba inabanwa. Dari likilemea, ufa huanza kuonekana chini ya nguzo. Hapo panahitaji bamba la chuma au boliti.

Ukipunguza kimo kuwa mita 1.5 ili kuokoa mbao, mvuto wa mbao ya chini unaruka kutoka 8 hadi 16. Na hesabu hii inachukulia mizigo yote imekaa viungoni. Papi zikikaa katikati ya mbao ya mteremko, mbao hiyo inapinda pia, na kupinda kunahitaji hesabu yake.