Wachimbaji wa bitkoini wanapouza akiba

Juni 2022, kampuni ya Core Scientific ya Marekani iliuza bitkoini 7,202 kwa wastani wa dola 23,000 hivi kila moja. Ilihitaji fedha taslimu kulipia mashine na madeni. Mchimbaji analipwa kwa bitkoini, lakini bili ya umeme haingoji bei ipande, kwa hiyo soko likishuka huuza hata akiba.

Wengi waliona mauzo hayo kama ishara ya anguko. Mimi nayapima kwa kiasi: mwaka ule mtandao mzima ulizalisha takriban bitkoini 900 kwa siku, sehemu ndogo mno ya zilizouzwa na kununuliwa sokoni. Mauzo ya wachimbaji huongeza uzito bei inaposhuka, lakini mara chache ndiyo yanayoisukuma.

Nguvu ya ukokotoaji, yaani jumla ya kazi ya mashine zote, ndiyo inayopotosha zaidi. Oktoba 2022 ilivunja rekodi huku bei ikiwa chini, kwa sababu mashine zilizoagizwa wakati wa neema ndipo zilipokuwa zikiwashwa. Mwezi uliofuata soko la FTX lilianguka, bei ikafika karibu dola 16,000, na Desemba Core Scientific ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Tena nguvu hiyo hukadiriwa kwa kasi ya kupatikana kwa bloku, na bahati huiyumbisha. Tazama wastani wa wiki kadhaa; namba ya siku moja iache ipite.