Mita 25 za Ziada Zilikokwenda

Mhandisi alipomaliza kuonyesha michoro ya mradi wa maji, swali la kwanza lilitoka kwa fundi bomba mstaafu aliyekuwa amekaa nyuma. "Mhandisi, pampu ikiwa inasukuma, halafu umeme ukatike ghafla, bomba linapata nini?"

Hadi hapo hesabu zilikuwa zimekaa vizuri. Kijiji kina watu 3,000. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa kila mtu wa kijijini kwa siku, lakini mradi lazima utoshe hata baada ya miaka 20. Kwa ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka, watu watafika kama 5,400. Ukijumlisha asilimia 20 ya maji yatakayovuja, unapata lita 162,000 kwa siku. Pampu ya kisima kirefu itazisukuma kwa saa 10, kupitia bomba la plastiki la mita 1,500, hadi tanki lililo kilimani, mita 60 juu ya kisima. Msuguano ndani ya bomba unaongeza kama mita 15. Kwa hiyo presha ya bomba pale kisimani ni mita 75, na bomba lililochaguliwa, lenye maandishi PN 10 ubavuni, linahimili mita 100. Zinabaki mita 25 za ziada, na ripoti iliziita "tahadhari ya kutosha".

Swali la mzee ndilo lililozifikia hizo mita 25. Ndani ya bomba maji yanakwenda karibu mita 0.9 kwa sekunde. Pampu ndogo za aina hii ni nyepesi, zikikosa umeme husimama mara moja. Maji hayasimami nazo. Yanaendelea kupanda, presha nyuma yake inashuka, kisha safu yote inageuka na kurudi kuigonga valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo sasa imefungwa. Hicho ndicho kishindo cha maji. Kwenye plastiki ya aina hii, mshtuko husafiri takriban mita 400 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.9, gawanya kwa 9.8, unapata karibu mita 37. Ongeza mita 60 za kimo cha tanki: bomba la chini linapigwa kwa mita 97.

Tahadhari iliyobaki ni mita 3. Tena uwezo wa plastiki hiyo hupimwa kwenye nyuzi joto 20 na huanza kupungua baada ya nyuzi 25. Kwenye udongo wa nyuzi 30, mita 100 huwa karibu 90. Mita 3 zenyewe hazipo.

Ni kweli kiwandani plastiki hupewa ziada yake, kwa hiyo bomba halitapasuka siku ya kwanza. Ila ziada hiyo iliwekwa ili plastiki iishi miaka mingi chini ya presha iliyotulia. Ukiipiga kila umeme unapokatika, inachoka, na mara nyingi uchovu huanza kujionyesha kwenye maungio. Fundi huutambua kwa nyufa zinazorudi sehemu ileile ya chini, kila mara baada ya umeme kukatika.

Mzee hakuridhika. "Na kule juu karibu na tanki?" Huko hatari ni nyingine. Mahali palipo mita 10 tu chini ya tanki, mshuko wa mita 37 unaiondoa presha kabisa na bomba linaanza kunyonya. Kama ungio linavuja na limelala kwenye tope, tope litaingia kwenye maji ya kunywa, na hakuna atakayeona bomba lililopasuka.

Mhandisi alikubali kubadili mita 600 za chini ziwe PN 16 na kuweka valvu za hewa kwenye vilele vya njia ya bomba. Chupa ya hewa ya kumeza kishindo aliikataa, kwa sababu hewa yake inahitaji kukaguliwa mara kwa mara, na kijijini hakuna wa kazi hiyo. Naona alikuwa sahihi: kinga isiyokaguliwa humpa mtu usingizi asioustahili.

Kisha akasimama mama mmoja wa jumuiya ya watumia maji. "Mwanangu, pampu ikiungua, tanki litatuweka siku ngapi?" Tanki ni la lita 75,000. Kwa watu wa leo, hiyo ni siku moja. Baada ya miaka 20, itakuwa kama nusu siku. Kuitoa pampu kisimani, kupata nyingine mjini na kuishusha tena kunaweza kuchukua wiki. Tanki kubwa halisaidii hapo. Inayosaidia ni pampu ya akiba iliyofungiwa stoo.

"Hela yake?" mama akauliza. Lita 75,000 ni ndoo 3,750 kwa siku. Shilingi 5 zikitengwa kwa kila ndoo, ni kama milioni 6.8 kwa mwaka, iwapo ndoo zote zitalipiwa. Mama akaomba shilingi hizo 5 ziandikwe kwenye bei ya maji siku hiyohiyo, kabla bei haijatangazwa.