Ikisiri Mbili za Tasnifu Moja

Tuchukue mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu ya Kiswahili kuhusu wachenjuaji wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, na namna wanavyoitumia zebaki. Sura zote zimekamilika. Mwongozo wa chuo chake unataka ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza, tuseme kila moja isizidi maneno 300.

Zinakaa kwenye kurasa za awali, zile zenye namba za kirumi, baada ya shukrani na kabla ya yaliyomo. Vyuo hutofautiana kidogo, kwa hiyo mwongozo wa chuo ndio unaoamua. Ukiwa kimya juu ya utaratibu, ni busara kutanguliza lugha iliyoandikiwa tasnifu. Kila ikisiri ianze ukurasa wake. Msomaji wa maktaba asikute moja imening'inia chini ya nyingine.

Urefu nao hudanganya. Neno moja kama "hawakuhojiwa" huhitaji maneno kadhaa ya Kiingereza, hivyo ikisiri ya Kiswahili yenye maneno 280 ikifasiriwa kikamilifu inaweza kuvuka 300. Mwanafunzi wetu aanze kubana ile ya Kiingereza; ikienea, ya Kiswahili haitamsumbua.

Kwenye Word, balaa kubwa ni namba za kurasa. Ili kutenganisha ikisiri mbili, inatosha kubonyeza Ctrl+Enter. Wengi huweka Section Break, ambayo mahali pake ni kabla ya Sura ya Kwanza, namba zinapobadilika kutoka za kirumi kwenda 1. Ikiwekwa kati ya ikisiri hizo mbili, hesabu inaweza kuanza upya, na utaiona kwenye yaliyomo: ikisiri ya Kiswahili iko vi, ya Kiingereza iko i. Iondoe, au fungua Format Page Numbers uchague Continue from previous section. Vichwa vya ikisiri navyo visipewe mtindo uleule wa sura wenye namba za kujiandika. Nimeona rasimu ambayo ikisiri imegeuka "Sura ya Kwanza" na utangulizi ukasogea kuwa Sura ya Pili.

Kinachomkera mtahini zaidi, na kwa haki, ni ikisiri mbili zinazopingana. Tuseme sampuli za udongo zilikuwa 24, kisha baada ya utetezi mbili zikakataliwa. Mwanafunzi anasahihisha 22 kwenye Kiswahili, Kiingereza kinabaki na 24. Kikagua tahajia hakiwezi kuligundua hilo. Chapisha kurasa mbili, ziweke sambamba, pigia mstari kila namba, jina la mahali na tokeo, kisha linganisha moja baada ya nyingine. Fanya hivyo kila sura ya matokeo inapoguswa, hata kama msimamizi amegusa tarakimu moja tu, na mara ya mwisho kabla ya kupeleka nakala kujalidiwa.