Mnunuzi wa Pensheni Hafuati Wastani

Mwaka 1808 serikali ya Uingereza ilianza kuwauzia wananchi pensheni ya maisha. Mtu alitoa akiba yake mara moja, naye akawa analipwa kiasi kilekile kila mwaka hadi kufa kwake. Bei ilipangwa kwa jedwali la vifo ambalo Richard Price alilitengeneza kutokana na vitabu vya ubatizo na mazishi vya parokia moja mjini Northampton. Mji huo ulikuwa na Wabaptisti wengi, na wao hawabatizi watoto wachanga. Kwa hiyo wazaliwa wengi hawakuhesabiwa, na jedwali likaonyesha kuwa mtoto azaliwapo hutarajiwa kuishi miaka 25 tu. Ukweli ulikaribia miaka 30.

Kosa hilo liliwanufaisha wauzaji wa bima ya maisha: wateja walitozwa ada za watu wa kufa mapema, kisha wakakawia kufa. Kwa serikali likawa hasara, maana kila mwaka ambao jedwali halikuutarajia ulikuwa mwaka wa kulipa. John Finlaison, mtaalamu wa hesabu wa serikali, alichunguza kumbukumbu za wanunuzi wenyewe akaona wanaishi kupita jedwali. Mauzo yakasimamishwa mwaka 1828, na mwaka uliofuata ripoti yake ikatoa majedwali mapya.

Bei ya pensheni ya maisha bado hupangwa kwa njia hiyohiyo. Kila malipo yajayo huulizwa maswali mawili: je, mnunuzi atakuwa hai siku hiyo? Na ni fedha kiasi gani ziwekwe leo ili riba izikuze hadi zitoshe?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa miaka 60 anataka shilingi 100,000 kila mwaka, na riba ni asilimia 10. Kwanza tutazame malipo ya akiwa na miaka 70. Jedwali likisema kati ya wenzake 1,000 watakuwa wamebaki 800, malipo hayo yanagharimu leo kama shilingi 30,800. Ya miaka 85, ikiwa watabaki 300, yanagharimu 2,770 tu. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila mwaka, hadi umri ambao karibu wote wamekufa. Jumla yake, pamoja na gharama za kampuni na akiba ya tahadhari, ndiyo bei. Sasa weka jedwali la watu wenye afya, ambapo 500 wanafikisha miaka 85: malipo ya mwaka huo pekee yanapanda hadi 4,600. Riba ikishuka, miaka hiyo ya mbali huwa ghali zaidi, na kosa la jedwali huuma zaidi.

Wanunuzi wenyewe hawalingani na taifa zima. Wastani wa umri wa kuishi unaotangazwa huhesabiwa tangu kuzaliwa, kwa hiyo ndani yake wamo waliokufa utotoni na ujanani. Aliyekwisha fika miaka 60 ameivuka misiba hiyo yote. Tena, mwenye saratani au moyo dhaifu hana haja ya kununua malipo ya miaka 30. Anayenunua kwa hiari ni yule ambaye wazazi wake walizeeka, anayelala vizuri, mwenye kipato cha kutibiwa mapema. Mwisho, jedwali hutokana na vifo vilivyokwisha tokea, ilhali matibabu yakiendelea kuboreka, wanaostaafu leo wataishi zaidi ya waliowatangulia.

Kwa sababu hizo kampuni makini hutumia jedwali la wanunuzi wa pensheni, si la taifa, na huongeza makadirio ya maisha kurefuka. Mgonjwa anayenunua kwa bei hiyo huwalipia wenye afya. Ndiyo maana Uingereza kuna pensheni za bei nafuu kwa wavutaji sigara na wenye maradhi sugu, wakithibitisha hali zao.

Nchini Kenya, mwanachama wa mfuko wa pensheni anapostaafu huruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja taslimu, na iliyobaki hununua pensheni ya maisha au huwekwa kwenye mfuko ambao atauchota kidogo kidogo. Mwenye afya hukosea hapo akigawa akiba yake kwa miaka ya wastani. Hata wastani wa rika lake ukikadiriwa sawasawa, siku utakapofika karibu nusu ya wenzake bado watakuwa hai, na yeye ana nafasi kubwa ya kuwa miongoni mwao. Aulize kila kampuni itamlipa kiasi gani kwa mwezi kwa kila milioni moja, kama malipo yatapanda pamoja na bei za bidhaa, na mwenzi wake atabaki na nini. Kisha ajiulize: nikifikisha miaka 90, ni malipo gani yatakayokuwa bado yanaingia?