Bi Zuhura wa Klipu Nne

Tuseme unatengeneza hadithi fupi ya video kwa akili mnemba. Bi Zuhura, muuza samaki, anatoka nyumbani, anafika mnadani, anabishana na dalali, kisha anarudi na ndoo tupu. Programu kama Veo 3 hutoa klipu ya sekunde 8 kwa mara moja, kwa hiyo kila tukio unaliomba peke yake. Ukiandika "mama muuza samaki" mara nne, utaletewa akina mama wanne.

Programu haikumbuki ilichotoa awali. Kila klipu huanza na vitone vya ovyo, kama chenga za televisheni iliyopoteza mawimbi, vikasafishwa hatua kwa hatua hadi vifanane na maneno yako. Usichokitaja hujijazia yenyewe, na mara nyingine hukijaza vingine.

Ndiyo maana watengenezaji huandika sentensi moja ya utambulisho na kuibandika mwanzoni mwa kila ombi: "Bi Zuhura, mwanamke Mwafrika wa miaka 55, uso wa mviringo, nyusi nene, kipini cha dhahabu puani, mtandio wa manjano usio na maua, gauni la bluu iliyokolea lenye mikono mirefu." Baada yake ndipo yanafuata mahali, tendo na mkao wa kamera, na hayo tu ndiyo yanayobadilika. Sentensi inakiliwa, haiandikwi upya. Klipu ya tatu ukisema "kitambaa cha manjano kichwani", huenda ukampata amepiga kilemba.

Ungependa kumvika kanga, na nani asingependa? Lakini maua yake yatabadilika kila klipu, na jina la kanga litatoka herufi zisizosomeka. Rangi moja isiyo na mapambo hushikika vizuri zaidi. Kovu la shavu la kushoto nalo ni la mashaka, maana huweza kuhamia kulia.

Mabadiliko hayaonekani upesi video ikiwa inacheza. Toa picha moja tuli kutoka kila klipu, uzipange pamoja, utazame pua, kidevu, shingo ya gauni na urefu wa mikono. Mtandio ukionekana wa chungwa kwenye klipu ya jioni, usiguse sentensi. Punguza wekundu wa jua katika maelezo ya mwanga.

Hata hivyo maneno hutaja aina ya mtu, hayamtaji mtu mwenyewe. Wanawake wengi mno wana uso wa mviringo na kipini, hivyo mavazi yatatulia kabla ya sura. Programu ikiruhusu, ambatisha picha moja ya Bi Zuhura kwa kila ombi, sentensi ikibaki vilevile. Isiporuhusu, sura ya karibu iweke kwenye ugomvi na dalali peke yake; kwingine apigwe kwa mbali, au kwa nyuma akitembea na ndoo yake.